Ukinakili Kutoka PDF au Simu, Jedwali na Orodha Hubaki Njiani: Mwongozo Kamili wa Kugundua na Kuzuia

Mwenzangu wa karakana aliwahi kunitumia kwa simu idadi ya spea zilizotumika kwa miezi mitatu. Ripoti yenyewe ilikuwa PDF ya kurasa nane, naye kwa kunionea huruma akaninakilia lile jedwali tu na kulibandika kwenye ujumbe. Nikapata hiki:

```
Spea Januari Februari Machi
Vichungi 14 9
Mikanda 6
Plagi 20 18
Jumla 34 24 9
```

Nilisoma kama mtu yeyote angesoma: vichungi 14 Januari, 9 Februari. Mikanda 6 Januari. Machi hakuna kilichotumika, kwa hiyo nisiagize haraka. Kilichonishtua ni mstari wa mwisho, maana kama Machi hakuna kilichotumika, ile 9 ya jumla imetoka wapi? Nikaomba faili lenyewe, na jedwali halisi lilikuwa hivi:

```
Spea        Januari   Februari   Machi
Vichungi       14                   9
Mikanda                   6
Plagi          20        18
Jumla          34        24         9
```

Hakuna namba hata moja iliyobadilika. Zilizopotea ni nafasi tupu, na nafasi tupu ndizo zilizokuwa zikieleza kila namba ni ya mwezi gani. Ubaya wa jambo hili ni kwamba kilichopotea hakiachi alama. Maandishi yanafika yakiwa yamejipanga vizuri, na wewe unaendelea na kazi.

Hapa chini nitatumia neno "mstari" kwa kinachokwenda mlalo, "safu" kwa kinachoshuka wima, na "kisanduku" kwa pale vinapokutana.

## Kwa nini jedwali huvunjika

PDF ilitolewa na Adobe mwaka 1993 kwa lengo moja kubwa: ukurasa uonekane vilevile kwenye kila mashine na kila printa. Kwa hiyo faili linachohifadhi hasa ni mahali pa kuchora kila kipande cha maandishi. Ule mstari wa vichungi, ndani ya faili, unaweza kuwa umeandikwa hivi:

```
BT
/F1 11 Tf
72 640 Td
(Vichungi) Tj
108 0 Td
(14) Tj
180 0 Td
(9) Tj
ET
```

Maana yake ni hii: chukua fonti ya ukubwa wa 11, nenda pointi 72 kutoka kushoto na 640 kutoka chini, andika "Vichungi". Sogea kulia pointi 108, andika "14". Sogea tena pointi 180, andika "9". Pointi 72 ni inchi moja, na ukurasa wa A4 una upana wa pointi 595 hivi.

Angalia sasa safu ya Februari. Haipo. Kisanduku kitupu hakichorwi, kwa hiyo faili halina habari zake. Kinachobaki ni mruko tu: kutoka "Vichungi" hadi "14" ni pointi 108, kutoka "14" hadi "9" ni 180. Jicho la mtu linaona mruko mkubwa na kuelewa kuwa safu moja imerukwa. Programu ya kunakili inaona vipande vitatu vya maandishi vilivyo kwenye urefu mmoja, inaviunganisha kwa nafasi moja moja, basi. Zile kingo za jedwali unazoziona nazo ni michoro iliyopigwa pembeni, haihusiani kabisa na namba zilizo katikati yake.

Kuna PDF zilizotengenezwa kwa uangalifu zaidi, ambazo ndani yake zimewekewa alama zinazosema "hili ni jedwali, huu ni mstari, hiki ni kisanduku". Ukifungua faili kwa Acrobat Reader kwenye kompyuta na kuingia kwenye sifa zake, utaona `Tagged PDF` ikifuatiwa na `Yes` au `No`. `Yes` inaongeza matumaini, ila haikuhakikishii kitu, kwa sababu alama hizo mara nyingi huwekwa na programu yenyewe bila mtu kuzikagua.

## Kabla hujagusa kitu: hesabu, kisha tafuta

Watu wengi huanza kwa kuburuta kidole. Mimi naanza kwa kuhesabu. Jedwali lina mistari mingapi na safu ngapi? Orodha ina vipengele vingapi, na kipengele cha mwisho kinaanza na neno gani? Andika pembeni: "mistari 5, safu 4, visanduku vitupu 4". Kazi ya nusu dakika, lakini bila hiyo huna cha kulinganisha nacho baadaye.

Halafu tafuta neno lililo ndani ya jedwali kwa `Ctrl+F`, au kwa alama ya kutafuta kama uko kwenye simu. Chagua neno lililo katikati ya jedwali, siyo kichwa chake. Likipatikana na kuwekewa rangi pale pale, jedwali ni maandishi. Lisipopatikana ilhali unaliona kwa macho, jedwali hilo ni picha. Hili ndilo linalowaponza wengi kwenye ripoti ndefu: aya zote ni maandishi, lakini aliyeandaa alibandika jedwali kama picha kutoka programu nyingine. Ukichagua ukurasa mzima na kunakili, aya ya juu na aya ya chini zinafika zikiwa zimefuatana moja kwa moja. Ukisoma huoni pengo lolote, ila pengine sentensi moja inayosema "kama inavyoonekana kwenye jedwali hapo juu", na hapo juu hamna jedwali.

Kuna aina ya tatu, ukurasa ulioskaniwa kisha ukawekewa maandishi yasiyoonekana juu ya picha. Hapa utafutaji utafanikiwa, lakini maandishi unayonakili ni yale mashine iliyoyasoma, siyo yale unayoyaona. Herufi "l" inaweza kuwa "1", na "O" ikawa sifuri. Jedwali la namba kutoka faili la namna hii lazima likaguliwe kisanduku kwa kisanduku.

## Kunakili jedwali lenye maandishi halisi

Njia ya kwanza inafaa jedwali dogo, na haihitaji programu mpya. Nakili safu moja moja badala ya jedwali zima. Kwenye Acrobat Reader ya Windows, shikilia kitufe cha `Alt` huku ukiburuta kipanya. Badala ya kuchagua mistari mizima, utachora mraba na kuchukua kilichomo tu. Kwenye Mac kitufe ni `Option`. Nakili safu ya Spea, ibandike, kisha Januari, kisha Februari. Visanduku vitupu bado havitakuja, ila sasa unajua kwa hakika kuwa 6 na 18 ni za Februari, na kazi iliyobaki ni kuzishusha hadi kwenye mistari yake huku ukitazama faili la asili.

Njia ya pili ni kuiachia programu ya majedwali isome PDF yenyewe. Kwenye Excel ya Microsoft 365 katika Windows, pita `Data > Get Data > From File > From PDF`, chagua faili, na itakuonyesha majedwali iliyoyaona kila moja kwa jina lake. Bonyeza kila moja utazame kabla ya kuliingiza. Jedwali lililovuka ukurasa mara nyingi hutokea kama mawili, na mtu akichukua la kwanza akaridhika, nusu ya mistari imebaki. Hapo ndipo ile hesabu uliyoandika pembeni inapokusaidia.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda mimi, ingawa inahitaji kuandika amri. Programu ya `pdftotext` iliyo kwenye kifurushi cha Poppler ina uwezo wa kulinda mpangilio wa ukurasa:

```
pdftotext -layout -f 3 -l 3 ripoti.pdf jedwali.txt
```

Hapo `-f 3 -l 3` inasema anza ukurasa wa 3, ishia ukurasa wa 3. Neno lenye uzito ni `-layout`: linaiambia programu ijaze nafasi tupu kulingana na umbali wa vipande, hivyo ile 9 ya Machi itakaa chini ya Machi. Fungua faili la maandishi kwa fonti ambayo kila herufi ina upana sawa, la sivyo safu zitaonekana zimepinda na utadhani amri imekosea. Ukilipeleka Excel, lipasue kwa upana maalumu, usilipasue kwa nafasi. Ukipasua kwa nafasi na kuruhusu nafasi nyingi zihesabiwe kama moja, umerudi pale pale pa mwanzo: visanduku vitupu vimekwisha kufutika.

Njia zote hizi zina mahali zinapokwama. Kisanduku kimoja kilichounganishwa kushuka mistari minne kitaleta neno lake mara moja tu, na mistari mitatu mingine itaonekana haina kundi. Kisanduku chenye maelezo ya mistari miwili kitageuka mistari miwili ya jedwali. Na alama ya tiki au duara lililojazwa mara nyingi ni mchoro, kwa hiyo jedwali la "ndiyo au hapana" linaweza kufika likiwa na majina matupu. Rangi ya kisanduku haisafiri kabisa. Kama nyekundu ilimaanisha "imekwisha", taarifa hiyo haitafika.

Kitu kidogo kingine cha kuogopa ni namba ndogo za juu. Ukinakili 250 yenye alama ya tanbihi namba 1, unaweza kupata 2501. Kumi kwa kipeo cha sita inageuka 106. Hizi siyo namba za ajabu zinazojitangaza kwa macho, zinapita kimyakimya.

## Orodha: namba isiyo sehemu ya maandishi

Kwenye PDF namba za orodha kwa kawaida zimechorwa kama maandishi mengine, kwa hiyo husafiri, ingawa vitone hutokea vimekuwa miraba au herufi ngeni kwa sababu vilitoka kwenye fonti ya alama. Tatizo kubwa la orodha liko kwenye kurasa unazosoma kwa kivinjari, hasa kwenye simu. Huko aliyeandika ukurasa hakuandika "1", "2", "3". Alisema tu "hii ni orodha yenye namba", na kivinjari kikazipanga namba chenyewe wakati wa kuonyesha. Ukinakili na kubandika mahali panapopokea maandishi matupu, namba zinaweza kupotea. Ukibandika orodha ileile kwenye programu ya kuandikia nyaraka, zinafika. Sababu ni kwamba unaponakili, simu au kompyuta hubeba nakala zaidi ya moja kwa pamoja, moja yenye mpangilio na nyingine tupu, na programu inayopokea ndiyo inayochagua ichukue ipi.

Namba zikipotea, maelekezo kama "rudi hatua ya 3" yanakosa maana. Lakini kibaya zaidi ni kupotea kwa ngazi. Tazama maelekezo haya ya mashine:

```
2. Zima injini mara moja ikiwa:
   a) taa nyekundu inawaka
   b) moshi mweusi unatoka
3. Fungua kifuniko cha chujio
```

Yakishanakiliwa yanakuwa:

```
Zima injini mara moja ikiwa:
taa nyekundu inawaka
moshi mweusi unatoka
Fungua kifuniko cha chujio
```

Hapa msomaji bado anaweza kubahatisha. Sasa fikiria vipengele vidogo viwe sita, na vyote vianze na kitenzi: "kagua", "fungua", "kaza". Hutajua tena kipi ni sharti na kipi ni hatua inayofuata.

Tiba yake ni kubandika kwanza mahali panapotunza mpangilio, kama Word au Google Docs, uhakikishe namba na ngazi zimefika, kisha uziandike kwa mkono kuwa herufi za kawaida kabla ya kupeleka kwenye ujumbe. Usitumie `Ctrl+Shift+V` katika hatua hii, kwa kuwa njia hiyo ya mkato kazi yake ni kutupa mpangilio. Na unapochagua orodha, anza kuchagua kutoka kwenye sentensi iliyo juu yake na malizia kwenye sentensi iliyo chini yake. Ukianzia katikati ya kipengele cha kwanza, kivinjari kinaweza kuona umechagua maneno tu na kuacha habari za orodha.

## Kwenye simu, kwanza hakikisha umeona vyote

Skrini ya simu ni dirisha dogo, na huwezi kunakili kisichofunguliwa. Jedwali pana husogea kwa pembeni. Safu mbili za mwisho ziko nje ya kioo, na ukipiga skrinishoti hazimo. Laza simu. Kama bado hazitoshi, kwenye Chrome fungua menyu na uwashe `Desktop site`, kisha sogeza jedwali kulia mpaka ligome. Piga picha mbili zinazoingiliana kwa safu moja, ili safu ya majina ikikosekana kwenye picha ya pili ujue unaunganisha wapi.

Sehemu zilizokunjwa, zile zenye mshale au "soma zaidi", zifungue zote kabla ya kuchagua. Orodha ndefu zinazojipakia kadiri unavyoshuka zishushe hadi mwisho. Mwonekano wa msomaji, ule unaoondoa matangazo na kubakiza maandishi, mimi siutumii kabisa ninapotaka jedwali, kwa maana unakisia kipi ni habari na kipi ni pambo, na jedwali likionekana kama pambo linaondolewa bila taarifa. Na kwenye programu nyingi za kusomea PDF za simu, "chagua zote" huchukua ukurasa ulio mbele yako tu.

Kuhusu kusoma maandishi kutoka kwenye picha, iPhone ina Live Text tangu iOS 15 ya mwaka 2021, na kwenye Android kuna Google Lens. Zinasoma maneno vizuri mno siku hizi. Lakini zinaposoma jedwali zinakutana na tatizo lilelile la visanduku vitupu, na mara nyingine husoma safu nzima ya kwanza kwenda chini, halafu safu ya pili. Ukipata majina yote juu na namba zote chini, ndicho kilichotokea. Kata picha ibaki safu moja tu, nakili, kisha kata inayofuata. Namba zikiwa chache, ziandike tu kwa mkono, utamaliza mapema zaidi.

## Kukagua baada ya kubandika

Rudi kwenye hesabu yako. Mistari 5? Safu 4? Halafu fuata marejeo ya ndani: kila penye "hatua ya 6", "jedwali la 2" au "yafuatayo", hakikisha kitu hicho kipo. Nukta pacha ambayo chini yake kuna aya mpya isiyohusika ni dalili ya orodha iliyodondoka.

Penye jumla, jumlisha. Lakini jumlisha safu kwa safu, na hapa nirudie kile kisa cha spea. Kwa usomaji wangu wa makosa, Januari ilikuwa 14 + 6 + 20, yaani 40, wakati jedwali lilisema 34. Februari ilikuwa 9 + 18, yaani 27, badala ya 24. Machi sifuri badala ya 9. Safu zote tatu zimekataa. Sasa jumlisha zote kwa pamoja: 40 na 27 ni 67. Na 34, 24 na 9? Ni 67 vilevile. Ningekagua jumla kuu peke yake, ningeridhika kabisa. Namba zilizohama mahali hazibadilishi jumla kuu. Zinabadilisha jumla za safu.

Kama jedwali halina mstari wa jumla, chagua visanduku vitatu: kimoja juu kulia, kimoja katikati karibu na nafasi tupu, na cha mwisho kabisa chini. Vilinganishe na faili la asili. Namba zilizohama huonekana zaidi kulia na mahali palipo na matobo, kwa hiyo kukagua safu ya kwanza tu hakusaidii.

## Ukimtumia mtu mwingine

Ujumbe wa simu hauna safu. Hata ukipanga nafasi kwa uangalifu, fonti ya mpokeaji itazivuruga, na kioo chembamba kitakunja mistari. Tuma ukurasa wenyewe, au picha ya jedwali zima pamoja na maandishi. Ikibidi maandishi peke yake, taja jina la safu kila mara na uandike utupu kwa neno. Usiweke sifuri mahali pa kisanduku kitupu, kwa sababu "hakuna iliyotumika" na "haikujazwa" ni taarifa mbili tofauti, na aliyeandaa ripoti ndiye anayejua alimaanisha ipi. Mwenzangu siku hizi ananitumia hivi:

```
Vichungi: Januari 14, Februari (tupu), Machi 9
Mikanda: Januari (tupu), Februari 6, Machi (tupu)
Plagi: Januari 20, Februari 18, Machi (tupu)
Jumla: Januari 34, Februari 24, Machi 9
Mistari 4 bila kichwa, ukurasa wa 3
```

Ule mstari wa mwisho aliubuni mwenyewe. Ukifika ujumbe wenye mistari mitatu, namrudishia hapo hapo.